Shajara ya mradi: uzito wa tasi kwa picha na ubao wa kupimia

3 Septemba 2024. Tunachotaka, na kwa nini tasi peke yake

Diko letu liko kati ya Tanga na Pangani. Madema yakishaletwa asubuhi, tasi humwagwa kwenye turubai, mnada huanza papo hapo, na kabla jua halijawa kali samaki wote wamekwenda na wachuuzi. Mwandishi wa takwimu wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi hapa ufukweni, hupata nafasi ya kuandika kilo za tenga zima, basi. Kilo hizo hazisemi kama tenga lilikuwa na tasi wakubwa wachache au wadogo wengi, na hilo ndilo tunalotaka kulijua.

Kumweka kila samaki kwenye mizani hakuwezekani pale. Upepo huchezesha namba, foleni hurefuka, na tasi mwenyewe si wa kushikwashikwa: ana miiba 13 mgongoni na 7 nyuma ya tumbo, yote ina sumu. Kumlaza mara moja ubaoni na kumpiga picha ni kazi ya kuvuta pumzi mbili. Uzito tutautafuta jioni kwa fomula:

`W = a × L^b`

W ni uzito kwa gramu, L ni urefu kwa sentimita. Kipeo b huwa karibu na 3, kwa sababu samaki anapokua hurefuka, hupanuka na hunenepa kwa pamoja. Namba a hubeba umbo lake. Mkunga na tasi wenye urefu mmoja hawakaribiani uzito hata kidogo, kwa hiyo kila aina inataka a na b zake. Ndiyo maana tumeanza na tasi mmoja tu, *Siganus sutor*, ambaye ndiye wengi hapa dikoni.

Anayetaka kuiga kazi hii aliweke jambo moja kichwani kabla ya kununua chochote. Kwa kuwa b ni karibu 3, kosa la urefu hufika kwenye uzito likiwa limekua mara tatu. Ukikosea urefu kwa asilimia 1, uzito umekosea kwa asilimia 3. Ukikosea urefu kwa asilimia 4, uzito umekosea kwa zaidi ya asilimia 12.

Vifaa vya mwanzo: mizani ya jikoni ya kidijitali ya kilo 5 (sh 30,000), ubao wa plaiwudi na rangi (sh 22,000), rula ya chuma (sh 5,000). Simu ni ya kawaida, ilikuwepo. Fundi amepigilia kipande cha mbao upande wa kushoto wa ubao, pua ya samaki iguse hapo.

21 Septemba 2024. Namba za kuazima zilitoa samaki wazito mno

Tulianza kwa njia ya mkato: kuchukua a na b zilizokwisha kuchapishwa. FishBase, hazina ya taarifa za samaki mtandaoni, ina jedwali la namba hizo kwa aina nyingi za samaki, na kwa tasi huyu kuna jozi zaidi ya moja. Tukachagua jozi iliyotoka pwani ya Afrika Mashariki, tukapima tasi kwa rula (picha bado), tukawaweka kwenye mizani na kulinganisha.

Fomula ilizidisha uzito kwa karibu kila samaki. Hapo pana dalili ya kuzingatia. Kama tatizo lingekuwa mkono unaotetemeka au mizani inayoyumba, wengine wangezidi na wengine wangepungua. Kosa linaloegemea upande mmoja lina sababu moja, na sababu hiyo hupatikana ukiitafuta.

Ilikuwa kwenye safu ya jedwali inayoonyesha aina ya urefu. Sisi tulipima urefu kamili, kutoka pua hadi ncha ya mkia, ambao jedwali huuandika TL. Jozi tuliyoichagua ilitengenezwa kwa urefu wa hadi kwenye panda la mkia, FL. Tasi wetu mmoja ana sentimita 25.0 hadi ncha na 23.6 hadi kwenye panda. Tofauti hiyo ni kama asilimia 6. Ipandishe kwa kipeo cha karibu 3 na uzito unazidi kwa asilimia 19.

Dawa ni rahisi: ama upime urefu ule ule uliotumika kutengeneza fomula, ama ubadilishe kwa uwiano uliopima mwenyewe. Tumeamua kubaki na urefu kamili, kwa kuwa ncha ya mkia huonekana vizuri kwenye picha kuliko panda, ambalo kwa tasi ni la kina kifupi na hujificha mkia ukikunjamana. Kasoro ya ncha ni kwamba hukatika ndani ya dema. Samaki mwenye mkia uliokatika hatumpimi.

12 Oktoba 2024. Tumetengeneza a na b zetu

Mchuuzi mmoja alikubali tupime samaki wake kabla hajawatia barafu, kwa sharti kwamba tusimcheleweshee gari. Kwa asubuhi kadhaa tumekusanya tasi wapatao 120, urefu na uzito.

Kinacholeta fomula nzuri ni upana wa saizi. Ukipima tasi wa sentimita 22 hadi 26 tu, mstari unaweza kuinama upande wowote na bado ukapita katikati ya nukta. Wadogo na wakubwa ndio wanaoushika kwenye ncha zake. Wakubwa huuzwa kwanza, kwa hiyo ilibidi kuwaombea mapema: "Mzee, shikamoo. Ukipata tasi mkubwa leo naomba nimpime kabla hujamtoa mnadani." Mzee akacheka: "Marahaba. Mpime, lakini usimbemende." Saizi zetu zinaanzia sentimita 17 hadi 32.

Mstari wenyewe hupatikana ukichukua logi asilia ya urefu na ya uzito, maana hapo fomula hunyooka:

```python
import numpy as np
b, ln_a = np.polyfit(np.log(L), np.log(W), 1)
a = np.exp(ln_a)
```

Kabla ya kuziamini namba, chora nukta na uzitazame. Nukta moja ilikaa mbali chini ya mstari: samaki wa sentimita 32.1 mwenye uzito wa tasi wa 23. Namba mbili zilibadilishana mahali wakati wa kuandika. Nyingine ilikuwa chini kidogo tu, na tulipokumbuka, yule alikuwa ameshapasuliwa tumbo. Tasi hula majani ya baharini na mwani, na utumbo wake mrefu ukijaa una uzito wa kuhesabika. Samaki aliyetolewa matumbo hafai kuchanganywa na wazima.

Palikuwa na tatizo jingine lisiloonekana kwenye nukta moja moja. Vipimo vya asubuhi moja vyote vilikaa juu ya mstari. Mizani ilikuwa imerudishwa kwenye sifuri beseni likiwa kavu, kisha maji na ute vikajikusanya ndani yake. Siku hiyo tumeifuta yote. Sasa beseni huoshwa na mizani hurudishwa sifuri kila baada ya samaki wachache.

Matokeo: a = 0.0148, b = 2.98, kwa urefu kamili. Yaani tasi wa sentimita 20 ana gramu 112 hivi, wa 25 ana 217, wa 30 ana 373. Kwa samaki mmoja mmoja, wengi huangukia ndani ya asilimia 10 ya mstari. Chini ya sentimita 17 hatuitumii. Mtoto wa tasi ana umbo lake, nasi hatukumpima.

2 Novemba 2024. Picha za kwanza: mng'ao na simu iliyoinama

Ubao tuliupaka rangi nyeupe ya mafuta. Ulipolowa maji chini ya jua, nusu ya picha ikawa mng'ao mtupu na ncha ya mkia wa tasi, ambayo ni nyembamba na inapitisha mwanga, ikapotea. Tumepaka upya kwa rangi ya kijivu isiyong'aa, tukaongeza turubai dogo la kivuli (sh 15,000). Kivuli kifunike ubao mzima: kikikata katikati ya samaki ni kibaya kuliko jua kamili.

Kuinama kwa simu ndiko kulikochukua muda. Ukiinamisha simu kidogo, upande wa ubao ulio karibu huonekana mkubwa, ulio mbali huonekana mdogo, na kuhesabu pikseli kwa sentimita moja kutoka upande mmoja wa rula kunakudanganya upande wa pili. Suluhisho ni alama nne kwenye pembe za mstatili unaojulikana vipimo, kisha kompyuta inyooshe picha. Mstatili wetu ni milimita 500 kwa 200:

```python
import cv2, numpy as np
# pembe 4 kwenye picha, kwa pikseli
p = np.float32([[412,655],[3610,640],[3655,1890],[380,1912]])
# pembe hizo hizo kwa milimita
q = np.float32([[0,0],[500,0],[500,200],[0,200]])
M = cv2.getPerspectiveTransform(p, q)
# pua, kisha ncha ya mkia
s = np.float32([[[900,1270],[2520,1265]]])
pua, mkia = cv2.perspectiveTransform(s, M)[0]
L = np.linalg.norm(pua - mkia) / 10
W = 0.0148 * L**2.98
```

Mpangilio wa pembe lazima ufanane kwenye orodha zote mbili: juu kushoto, juu kulia, chini kulia, chini kushoto. Zikipishana, kompyuta haitalalamika, itatoa samaki wa ajabu tu. Pembe nne, pua na mkia tunavibonyeza kwa mkono kwenye picha. Tumia lenzi ya kawaida ya simu, ile ya 1x. Lenzi pana ya 0.5x hupinda mistari ya ukingoni, na kunyoosha kwa pembe nne hakuondoi mpindo.

Kijiti cha sentimita 25 kilicholazwa ubaoni sasa kinasomeka 25.0 hata simu ikiinama. Tukadhani kazi imeisha.

30 Novemba 2024. Kijiti hakina unene, samaki anao

Tasi waliopimwa kwa rula wakiwa 25.0 walisomeka 25.6 kwenye picha. Tena kosa la upande mmoja. Kwa uzito ni kama asilimia 7 zaidi, yaani tasi mmoja wa bure kwa kila kumi na tano.

Tulijaribu kukiinua kijiti. Kilipowekwa juu ya vibao vya sentimita 1.5, huku simu ikiwa sentimita 45 juu ya ubao, kilisomeka 25.9. Hapo sababu ilijitokeza yenyewe. Tasi aliyelala ubavu ana unene wa sentimita 3 hivi, na pua yake iko katikati ya unene huo, sentimita 1.5 juu ya ubao. Iko karibu zaidi na kamera kuliko alama za ubaoni, kwa hiyo huonekana imesogea nje. Mkia ni mwembamba na umelala karibu na ubao, wenyewe husogea kidogo tu. Ndiyo maana samaki alizidi kwa milimita 6 na kijiti kilichoinuliwa chote kwa 9.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuipandisha simu. Fundi ametengeneza kisimamio cha mbao (sh 20,000) kinachoishika sentimita 110 juu ya ubao. Tasi wa 25.0 akasomeka 25.2. Ni nafuu, lakini milimita 2 hizo bado ni karibu asilimia 3 ya uzito, na zote zinaegemea upande ule ule. Kupanda zaidi haiwezekani, upepo unatikisa kisimamio.

Jaribio la pili ndilo lililofaa: badala ya kushughulika na samaki, tukaziinua alama. Tumezungushia ubao fremu ya vijiti vya mbao vyenye unene wa sentimita 1, na zile pembe nne sasa zimechorwa juu ya fremu. Kwa nini 1 wakati pua iko 1.5? Kwa sababu mkia uko kama nusu sentimita, na kinachohesabika ni wastani wa ncha hizo mbili. Simu ikiwa kwenye kisimamio na alama juu ya fremu, vipimo vya picha na vya rula vinapishana milimita moja huku na huku, bila kuegemea upande.

Fremu ya sentimita 1 ni ya tasi wa saizi ya kati. Kwa mkubwa wa sentimita 32 hubaki kosa dogo, nasi tumelivumilia. Anayepima samaki mnene, chewa kwa mfano, apime kwanza pua na mkia viko juu kiasi gani ndipo akate mbao.

14 Desemba 2024. Tenga zima, na hasara ya wastani

Leo tumepiga picha tenga lenye tasi 38, kisha tukalipima kwenye mizani ya mchuuzi. Mizani: kilo 7.40. Jumla ya picha: kilo 7.62, yaani asilimia 3 zaidi. Tuliwapima pia wachache mmoja mmoja, na huko kulikuwa na waliokosewa hadi kwa asilimia 14. Hizo si habari zinazopingana. Aliyenona na aliyekonda hufutana wakiwa tenga moja, mradi fomula isiegemee.

Mwenzetu wa takwimu alipendekeza kurahisisha: tuchukue urefu wa wastani wa tenga, tutafute uzito wake mara moja, tuzidishe kwa idadi. Urefu wa wastani ulikuwa sentimita 23.7, na hesabu ikatoa kilo 7.03. Kilo 0.6 zimepotea bila mtu kukosea kipimo chochote.

Chukua tasi wawili, mmoja wa 20 na mwingine wa 30. Kwa fomula wana gramu 112 na 373, jumla 485. Wastani wa urefu wao ni 25, na tasi wawili wa 25 wana gramu 434. Mkubwa huongeza uzito kuliko mdogo anavyoupunguza, kwa hiyo wastani wa urefu daima hutoa uzito pungufu, na upungufu hukua kadiri tenga linavyochanganya saizi. Kwa hiyo ni lazima kukokotoa uzito wa kila samaki kwanza, kisha kujumlisha. Daftari la zamani la dikoni lina urefu wa wastani tu kwa siku nyingi. Kurasa hizo hatuwezi kuzigeuza kuwa kilo kwa njia hii.

16 Januari 2025. Bamvua ya mbalamwezi

Uwiano wa uzito wa mizani kwa uzito wa fomula ulikuwa ukicheza karibu na 1 tangu Desemba. Wiki hii umekuwa 1.06 kwa wastani wa tasi 30, huku urefu wa picha ukilingana na rula vizuri. Maana yake kamera haina kosa, samaki ndiye aliyebadilika. Mchuuzi alipowapasua, wengi wa wakubwa walikuwa na mayai. Wavuvi hawakushangaa: mwezi ukiwa mpevu, walisema, tasi hutembea makundi na madema hujaa. Huko Shelisheli pia tasi huyu hujulikana kwa kukusanyika kutaga wakati wa mwezi mpevu.

Hatukubadilisha a na b. Tumeongeza hatua moja: kila mwezi tunawaweka tasi 30 wa saizi mchanganyiko kwenye mizani, tunagawa jumla ya uzito wao halisi kwa jumla ya fomula, na jibu hilo tunalizidisha kwenye makadirio ya mwezi huo. Lazima wapimwe kwa rula, si kwa picha. Ukitumia picha, kosa la kamera litaingia humo likajifanya unono.

9 Februari 2025. Hali ilivyo

Gharama mpaka sasa ni sh 92,000, na kisimamio kinaweza kuachwa na mtu mwenye kijana mrefu wa kushika simu.

Linalotusumbua bado ni samaki waliokakamaa. Tasi akikaa barafuni akiwa amejikunja kwenye kona ya boksi, hukauka na mpindo wake. Mstari wa pua hadi mkia unamfupisha, na kumnyoosha kwa nguvu ni kutafuta mwiba. Tumejaribu kubonyeza nukta tatu, pua, katikati ya ubavu na mkia, na kujumlisha vipande viwili. Kwa aliyepinda kidogo inasaidia. Kwa aliyepinda sana bado anatoka mfupi, kwa hiyo huyo anahesabiwa kwenye idadi na kupewa uzito wa wastani wa wenzake wa tenga lile, na pembeni tunaandika alama ili ijulikane.

Samaki aina ya changu tumeanza kuwapima kwa mizani wiki hii. Tulio nao ni wa saizi za kati, wakubwa hawajapatikana, na mpaka wapatikane mstari wao hauchorwi.